Notsi za safu mbili: kazi inayobaki mhadhara ukishakwisha

Wanafunzi wengi waliowahi kujaribu notsi za safu mbili huziacha baada ya wiki chache, na ukiwauliza watakwambia hazina tofauti na notsi za kawaida. Fungua daftari zao utaona sababu. Safu ya kulia imejaa hadi pembeni, safu ya kushoto ina vichwa vya habari vitatu vinne, na nafasi ya muhtasari chini ya ukurasa ni tupu. Kwa notsi za namna hiyo wana haki kulalamika, maana mstari uliochorwa kwenye karatasi hauwezi peke yake kumsaidia mtu kukumbuka kitu.

Mpangilio huu ulibuniwa miaka ya 1950 na Walter Pauk, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, ndiyo maana wengi huuita mbinu ya Cornell. Safu ya kulia ni ya kuandikia wakati mhadhiri anazungumza. Safu ya kushoto hubaki wazi mpaka mhadhara uishe, kisha huandikwa maswali. Chini hukaa muhtasari. Kwa maneno mengine, wakati wa mhadhara unaandika majibu tu, na mtihani wenyewe unajitungia baadaye, siku hiyohiyo. Mwongozo huu utakaa zaidi kwenye hicho kipande cha baadaye, kwa sababu ndicho kinachorukwa.

Kwa nini ndani ya siku moja

Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akasubiri, kisha akapima muda aliookoa alipozikariri upya. Baada ya siku moja alikuwa anaokoa takriban theluthi moja tu ya muda. Jambo la maana zaidi ni umbo la upotevu huo: sehemu kubwa ilipotea saa za mwanzo, kisha kasi ikapungua. Mada yenye maana haisahauliki kwa kasi ya silabi tupu, lakini mwelekeo ni huohuo.

Kuna sababu nyingine isiyohitaji maabara. Notsi za mhadhara huandikwa kwa mkato, na mkato unasomeka tu ikiwa sauti ya mhadhiri bado iko kichwani. Leo jioni “LAKINI misuli haitoi!!” ni sentensi kamili kwako. Baada ya siku tano ni maneno matatu na alama mbili za mshangao.

Kuandaa ukurasa

Tumia karatasi ya A4 ukiweza. Upana wake ni sentimita 21: piga mstari wa wima ukiacha sentimita 6 kushoto na 15 kulia. Chini acha sentimita 5 kwa muhtasari, na mstari wa wima ukomee hapo. Daftari dogo nalo linafaa; weka kushoto kidogo chini ya theluthi ya upana. Juu andika tarehe, somo, mada na namba ya ukurasa.

Chora kurasa tatu au nne kabla mhadhara haujaanza, kwa sababu anayechora mstari mhadhiri akiwa ameshaanza huishia kuandika ukurasa mzima bila safu. Pia andika upande mmoja tu wa karatasi. Upande wa pili utauhitaji kwa michoro na masahihisho.

Wakati wa mhadhara: kulia tu

Usiguse safu ya kushoto. Wengine hushawishika kuandika vichwa vya habari huko mhadhara ukiendelea, na wakimaliza hawana tena pa kuweka maswali.

Kulia andika mawazo kwa mkato wako mwenyewe, ukiruka mstari kila wazo jipya linapoanza. Nafasi hizo ndizo utakazojaza baadaye. Tumia vifupisho usivyoweza kuvichanganya, kama ktk, k.m., kwa sb, na mishale kuonyesha kitu kinachosababisha kingine. Ukikosa neno, weka alama ya kuuliza na nafasi tupu, uendelee; ukihangaika kulikumbuka utapoteza na sentensi mbili zinazofuata. Mhadhiri akirudia jambo, akiandika ubaoni, au akisema “hili watu hulikosea”, weka nyota.

Kama slaidi zinagawiwa, usizinakili. Andika namba ya slaidi kulia, halafu yale anayosema mhadhiri ambayo hayamo: mfano alioutoa, sababu aliyoifafanua, swali la mwanafunzi na jibu lake. Anayeandika kwa kompyuta anaweza kutengeneza jedwali lenye safu mbili na likafaa, ila ajihadhari na jambo moja. Vidole vyenye kasi hunakili kila neno, na mtu anayenakili kila neno hana haja ya kuamua lipi ni muhimu.

Tuchukue mhadhara wa fiziolojia kuhusu jinsi mwili unavyodhibiti sukari kwenye damu. Mwanafunzi ametoka na safu ya kulia hii:

- Gluk. damuni kabla ya kula: kama 3.9–5.5 mmol/L
- Kula → gluk. hupanda → kongosho, seli beta → insulini
- Insulini: misuli + mafuta huvuta gluk.; ini huiweka kama glikojeni
- Njaa → gluk. hushuka → seli alfa → glukagoni → ini huvunja glikojeni → gluk. damuni
- ★ Misuli ina glikojeni pia LAKINI haitoi gluk. damuni!! kwa sb haina kimeng'enya ______ ?
- Glikojeni ya ini ikiisha → ini hutengeneza gluk. mpya, k.m. kutoka amino asidi

Notsi hizi ni nzuri. Ni fupi, zina mishale, na pengo limewekwa alama. Lakini bado ni nusu ya kazi.

Dakika tano za mlangoni

Kabla ya kuondoka, au ukiwa unasubiri kipindi kinachofuata, pitia safu ya kulia haraka. Kazi ni moja tu: kurekebisha kisichosomeka na kumalizia maneno yaliyokatika. Mwanafunzi wetu anamuuliza mwenzake kuhusu kile kimeng'enya. Mwenzake naye hakukipata. Basi pengo linabaki mpaka jioni.

Ukiwa na mihadhara mitatu mfululizo, hizi dakika tano ndizo za kulinda kuliko zote, kwa sababu mhadhara wa pili huvuruga kumbukumbu ya wa kwanza.

Jioni: kwanza jaza mapengo

Kwa mhadhara wa saa moja, tenga kama nusu saa. Anza kwa kujaza mapengo kutoka kitabu au slaidi, kwa kalamu ya rangi nyingine, ili baadaye ujue kipi ulikisikia darasani na kipi ulikitafuta. Mwanafunzi wetu anafungua kitabu na kuandika: glukosi-6-fosfatasi. Kimeng'enya hicho huondoa fosfati kwenye glukosi, na bila kuondolewa fosfati glukosi haiwezi kutoka nje ya seli. Ini linacho, misuli haina. Sasa nyota yake ina maelezo.

Usiandike notsi upya kwa mwandiko mzuri. Najua inavyoridhisha kuona ukurasa safi, lakini inakula saa nzima na mkono unaweza kunakili huku akili iko kwingine. Muda huo unatakiwa kwenye safu ya kushoto.

Safu ya kushoto: maswali, si vichwa vya habari

Hapa ndipo mbinu nzima inaposimama au kuanguka, kwa hiyo twende polepole. Soma wazo moja kulia, kisha jiulize: hili ni jibu la swali gani? Andika swali hilo kushoto, mkabala na jibu lake.

Mwanafunzi mwenye haraka ataandika “Insulini”, “Glukagoni”, “Misuli”. Hayo ni majina ya mahali. Ukiyaona wiki ijayo utasema moyoni “aa, insulini, naijua”, na hutakuwa umepimwa chochote. Swali zuri lina jibu linaloweza kukosewa. Linganisha:

| Kushoto, toleo la haraka | Kushoto, toleo linalofanya kazi |
|---|---|
| Kiwango | Sukari ya damu kabla ya kula huwa kati ya ngapi na ngapi? |
| Insulini | Eleza hatua kwa hatua: kutoka mlo kuingia hadi sukari kurudi chini. |
| Glukagoni | Mtu hajala kwa saa kadhaa. Seli zipi za kongosho huchukua hatua, na ini hufanya nini? |
| Misuli ★ | Misuli ina glikojeni. Kwa nini haiwezi kuinua sukari ya damu kama ini? |
| Glikojeni ikiisha | Akiba ya ini ikiisha, sukari ya damu hutoka wapi? |

Swali la kwanza ni la kukumbuka tu, na mengine kama hilo huwezi kuyakwepa. Lakini tazama yaliyobaki: yanadai mfuatano, sababu, au hali mpya. La nne ndilo bora, kwa sababu linagusa mahali ambapo akili ya kawaida ingekisia vibaya. Kila ulipoweka nyota au alama ya mshangao darasani, hapo pana swali la aina hiyo linakusubiri.

Kwa ukurasa mmoja maswali manne hadi sita yanatosha. Ukifika kumi na mbili, umegeuza kila mstari kuwa swali, na hutapata muda wa kuyajibu yote. Ukipata mawili tu, huenda mhadhara ulikuwa na wazo moja lililozungushwa sana. Huenda pia hukuelewa, na njia ya kutofautisha ni kujaribu kueleza ukurasa kwa sentensi mbili bila kuutazama.

Ukishindwa kabisa kutunga swali juu ya mstari fulani, usilazimishe. Mara nyingi ni kwa sababu uliunukuu bila kuuelewa. Uandike kando kama swali la kumpelekea mhadhiri.

Funika, jibu kwa sauti, fungua

Chukua karatasi tupu, funika safu ya kulia yote, ubaki na maswali tu. Soma swali la kwanza, jibu kwa sauti na kwa maneno yako, kisha ndipo ufungue. Kama hapafai kuongea, andika jibu kwenye karatasi ya kufunikia. Kujibu “moyoni” hakutoshi, kwa sababu moyoni mtu hukubali nusu jibu. Sauti au kalamu hudai sentensi ifike mwisho.

Mwanafunzi wetu analipokea swali la misuli. Anasema: “Kwa sababu misuli inaitumia glikojeni yake yenyewe.” Anafungua kulia. Alichosema si uongo, ila ni matokeo, na swali liliuliza sababu, kimeng'enya hakukitaja. Anaweka nukta ndogo ya penseli pembeni mwa swali, anasoma sababu, anafunika tena, na kujibu upya papo hapo: “Misuli haina glukosi-6-fosfatasi, kwa hiyo glukosi yake hubaki na fosfati na haiwezi kutoka kwenye seli. Ndiyo maana inatumika humohumo.” Nukta inabaki. Haifutwi siku hiyo hata kama sasa amelijibu vizuri, kwa sababu jibu alilolisoma sekunde ishirini zilizopita halithibitishi kitu.

Mnamo mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha vizuri kwa nini hatua hii haibadilishwi na kusoma tu. Wanafunzi walisoma kifungu cha maandishi. Wengine wakakisoma tena, wengine wakaandika walichokikumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki, waliojikumbusha ndio walioongoza. Usiku huo kusoma tena kutakupa hisia kwamba unajua, na hisia hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Kujikumbusha kutakuacha ukijiona dhaifu, hasa maswali ya mwanzo. Usiuchukulie udhaifu huo kama dalili ya kushindwa.

Unavyojua unasoma badala ya kujikumbusha: jicho linateleza kulia kabla hujamaliza jibu, au umemaliza ukurasa mzima chini ya dakika mbili, au hujaweka nukta hata moja. Mhadhara mpya usio na nukta kabisa si wa kawaida.

Muhtasari unakuja mwisho

Wengi huandika muhtasari kabla ya kujipima, huku notsi ziko wazi, na matokeo yake ni sentensi zilizonakiliwa. Mimi hushauri uandikwe baada ya kujijibu, safu ya kulia ikiwa bado imefunikwa. Sentensi mbili hadi nne zinatosha.

Muhtasari mbaya huu hapa: “Mhadhara ulihusu udhibiti wa sukari ya damu, insulini na glukagoni.” Hiyo ni mada, na mada tayari iko juu ya ukurasa. Mtu ambaye hakuhudhuria angeweza kuiandika.

Huu ni mwema: “Kongosho huweka sukari ya damu ndani ya kiwango kwa homoni mbili zinazopingana: insulini huiondoa damuni baada ya mlo, glukagoni huirudisha wakati wa njaa. Ini ni ghala la mwili mzima kwa sababu lina kimeng'enya cha kuachia glukosi; misuli ina ghala lake binafsi. Akiba ya ini ikiisha, ini huanza kutengeneza glukosi mpya.” Angalia yaliyoachwa. Namba ya 3.9–5.5 haimo, na haina haja ya kuwemo. Kilichobaki ni uhusiano kati ya vitu.

Ikiwa mhadhara umechukua kurasa tatu, andika sentensi moja chini ya kila ukurasa, na kwenye ukurasa wa mwisho uziunganishe. Ukiona haziungani, mhadhara hujaukamata kama kitu kimoja, na hapo ndipo pa kurudi kwenye kitabu.

Malizia kwa kufungua notsi na kukagua muhtasari. Ukikuta kosa, lisahihishe kwa kalamu ya rangi ile uliyojazia mapengo.

Hesabu na masomo ya michoro

Kwa hesabu, fizikia au programu, safu ya kulia hujaa hatua za mifano iliyotatuliwa, na kuuliza “hatua ya tatu ni ipi?” hakufundishi kitu. Maswali mawili ndiyo yanayolipa: nilijuaje kuwa swali hili linahitaji mbinu hii? Na kwa nini hatua hii inaruhusiwa? Kujikumbusha hapa hakufanyiki kwa mdomo. Funika suluhisho, nakili swali tu kwenye karatasi tupu, ulitatue upya hadi mwisho.

Kwa mchoro wenye majina mengi, chora upya kwenye ule upande wa nyuma ulioachwa wazi, bila kutazama, halafu linganisha. Safu mbili zenyewe hazisaidii sana kwa michoro, na hakuna haja ya kulazimisha.

Ukichelewa

Siku moja ikipita, usianze kwa kusoma notsi. Chukua karatasi tupu, andika mada, na kwa dakika tano andika kila unachokikumbuka kutoka kwenye mhadhara. Kisha fungua notsi na utunge maswali kama kawaida, ukianza na yale ambayo hayakutokea kabisa kwenye karatasi yako. Kazi itakuwa ndefu kidogo kuliko ungeifanya jana, na vifupisho vingine vitakuwa vimekufa. Vile usivyoweza kuvifungua hata kwa msaada wa kitabu au mwenzako, vikate.

Ikiwa limbikizo ni la wiki tatu, usijaribu kulilipa lote. Fanya mhadhara wa leo leo, kisha ongeza mmoja wa zamani kila siku, ukianza na ule ambao mhadhara ujao unautegemea.

Baada ya siku ya kwanza

Marudio yanayofuata ni mafupi. Kabla ya mhadhara ujao wa somo hilohilo, funika kulia na ujibu maswali yenye nukta peke yake; dakika tano zinatosha. Ukilijibu sawa bila kuchungulia, na umepita angalau usiku mmoja tangu ulikosee, futa nukta. Ukilikosa tena, ongeza ya pili.

Baada ya wiki rudia maswali yote ya ukurasa, hata yasiyo na nukta, kwa sababu baadhi ya uliyoyajibu vizuri siku ya kwanza yatakuwa yamepotea kimyakimya. Swali lenye nukta tatu lina tatizo lake pekee. Mara nyingi limebeba mambo mawili kwa pamoja, au jibu lake kulia halikueleweka tangu mwanzo. Likate vipande viwili. Lisipokubali hata hapo, nenda nalo kwa mhadhiri likiwa limeandikwa, pamoja na jibu ulilolitoa, ili aone hasa ni wapi fikra inapokatika.